Muvi yangu ilidoda sinema, je nikiipeleka saa sita usiku itafufuka?

"Shikamoo kaka. Nilitengeneza muvi yangu ya kwanza, ikaingia ukumbini mwaka juzi, ikakaa wiki moja tu wakaitoa. Siku ya mwisho tulikuwa na watu 14 kwenye ukumbi wa viti 300, niliona aibu sana. Ila kijana wa tiketi aliniambia kati ya hao 14, sita walikuwa wanaiona mara ya pili au ya tatu. Sasa rafiki yangu ananiambia niifanye muvi ya kalti, yaani ile yenye mashabiki wachache wanaoirudia rudia, niipeleke saa sita usiku, niwagawie watu vitu vya kurusha kama wanavyofanya kwenye Rocky Horror, eti muvi mbaya ndiyo zinapendwa hivyo. Inawezekana kweli au najidanganya? Na kama inawezekana nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Hao 14 umewaandika kwa uchungu kabisa, halafu hao sita ukawatupia mwishoni kama chenji. Mimi nimepanga maonyesho ya usiku kwa miaka mingi na nakwambia ungeniandikia kwamba ukumbi ulikuwa na watu 200 na hakuna hata mmoja aliyerudi, ningekujibu kwa mistari miwili tu, pole, tengeneza nyingine. Lakini sita kati ya 14 wamelipa tena hela yao kuona kitu wanachojua mwisho wake, hiyo inabidi tukae tuongee.

Maana hata hiyo Rocky Horror rafiki yako anayoitaja, habari yake ilianzia hapo hapo kwa watu wanaorudi, siyo kwenye kurusha vitu. Ngoja nikupe yote kwa mpangilio kwa sababu watu wanaisimulia kuanzia katikati.

Kwanza ilikuwa tamthilia ya muziki London mwaka 1973, ikapendwa sana, ikapelekwa Los Angeles ikapendwa pia, ikapelekwa Broadway kule New York mwaka 1975 ikafa haraka. Mwaka huo huo muvi ikatoka chini ya studio ya 20th Century Fox. Ikadoda. Kumbi nyingi zilikuwa tupu, na uzinduzi uliokuwa umepangwa New York wakati wa Halloween ukafutwa, yaani studio ilishaanza kuizika. Sasa kulikuwa na ukumbi mmoja Los Angeles, mtaa wa Westwood, ambako muvi ilikuwa inajaza, na watu wa studio walipochunguza vizuri wakagundua kumbe kwa sehemu kubwa ni sura zile zile. Kwa mhasibu hiyo ni habari mbaya, maana inamaanisha hakuna watu wapya. Lakini pale Fox kulikuwa na jamaa wa matangazo anaitwa Tim Deegan, yeye akaisoma kinyume chake, akasema kama watu wachache wanarudi rudi hivi basi tuwatafutie mahali pa kurudi. Akaushawishi ukumbi wa Waverly kule Greenwich Village, New York, uiweke saa sita usiku. Ilianza tarehe 1 Aprili 1976.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Miezi ya mwanzo hakukuwa na kurusha chochote, watu walikuja, wakakaa, wakaangalia, wakashangilia shangilia kidogo, wakaondoka, wiki inayofuata wakarudi. Ndipo siku moja, karibu na mwezi wa tisa mwaka huo huo, mwalimu mmoja wa chekechea aliyekuwa ameshaiona mara nyingi akapayuka. Kuna sini dada anatembea kwenye mvua kubwa amejifunika gazeti kichwani, jamaa akamfokea pale kwenye skrini kwamba si anunue mwavuli, na tusi dogo juu yake. Ukumbi ukacheka. Wiki iliyofuata wengine wakaja na vijembe vyao. Halafu mtu akaja na gazeti lake ajifunike pamoja na yule dada, mwingine akaja na bastola ya maji ili mvua inyeshe kweli, na kwa vile muvi inaanza na harusi watu wakaja na mchele. Mavazi nayo yakafuata, na mwishoni kukawa na vikundi vya mashabiki vinaigiza muvi nzima mbele ya skrini huku muvi yenyewe inaendelea nyuma yao.

Unaona mpangilio wake? Kurudi kumetangulia, maneno yakafuata, vitu vikaja mwisho. Huwezi kumjibu mtu kwa wakati kama hujui anakwenda kusema nini, kwa hiyo yule aliyepayuka ilibidi awe ameshaiona mara kadhaa ndiyo ajue kwamba hapa kuna kimya cha sekunde mbili na mimi naweza kupenyeza neno. Na Rocky Horror ina vimya vingi sana vya namna hiyo, waigizaji wanasema mstari halafu wanasubiri, ukiiangalia peke yako nyumbani unaweza kuona inavuta, ila kwenye ukumbi uliojaa vile vimya ni milango. Kilichokuwa kasoro mchana kikawa nafasi ya watu usiku.

Rafiki yako anataka uanze na mchele. Mimi nilishafanya ujinga huo. Zamani kidogo nilipata muvi ya ajabu ajabu ambayo mimi binafsi naipenda mpaka leo, nikaandaa mifuko ya karatasi mia moja, ndani filimbi, puto, karatasi ya maelekezo kabisa, sini ya dakika fulani piga filimbi, sini fulani pasua puto. Usiku wa kwanza watu walikuja wengi kwa sababu ya tangazo. Wakapiga filimbi nilipowaambia wapige, huku wanachungulia karatasi gizani kwa mwanga wa simu, ilikuwa kama mtihani wa darasani. Usiku wa pili walikuja wanane. Na mwenye ukumbi akanikata hela ya kufagia.

Sasa labda utasema wewe ulikosea kwa sababu hukuwa na jina kubwa nyuma yako. Haya, chukua mfano wa wenye jina. Mwaka 1981 watu wale wale wa Rocky Horror, yaani Richard O'Brien aliyeiandika na Jim Sharman aliyeiongoza, na studio ile ile, walitoa muvi ya kuifuata inaitwa Shock Treatment, na Fox kwa kujua kwamba saa sita usiku ndiyo penyewe wakaipeleka moja kwa moja kwenye maonyesho ya usiku. Walikuwa na kila kitu mdogo wangu, nyimbo, mashabiki waliokwisha kujipanga, kumbi zilizozoea, hela ya matangazo. Ikafa. Kuna waliosema ni kwa sababu waigizaji wakuu wa kwanza wengi hawakuwemo, na hilo lina ukweli wake. Ila mimi naona kubwa zaidi ni kwamba ile ya kwanza watu waliiokota wenyewe kwenye takataka za studio, hii ya pili wakaletewa kwenye sinia na kibandiko kinachosema hii ni yenu ipendeni. Mtu anayeokota kitu anakiona chake, anampelekea rafiki yake kwa fahari kama vile yeye ndiye amekitengeneza, na hiyo fahari ndiyo tangazo pekee ambalo muvi ya usiku inalo.

Tuje kwenye hilo la muvi mbaya ndiyo zinapendwa, maana limeharibu watu wengi. Najua limetoka wapi, limetoka kwenye The Room ya Tommy Wiseau. Ilitoka Los Angeles mwaka 2003, inasemekana ilitumia dola milioni 6, na wiki mbili za kwanza ikaingiza kama dola 1,800 tu, soma tena, siyo elfu mia nane, ni elfu moja na mia nane. Siku za mwisho mwisho kijana mmoja akaikuta ukumbini akiwa karibu peke yake, akacheka mpaka basi, akaanza kupigia simu rafiki zake waje haraka kabla haijatolewa, na wao wakaita wengine. Mwaka uliofuata ikarudi kama onyesho la saa sita usiku, mara moja kwa mwezi, na leo watu wanarusha vijiko vya plastiki kila picha ya kijiko iliyowekwa fremu inapoonekana nyuma ya waigizaji.

Ndiyo, ni muvi iliyokosewa karibu kila mahali. Lakini muvi zilizokosewa ziko maelfu na hakuna anayezirudia, nyingi zinachosha tu, unaangalia saa. Kinachowarudisha watu kwenye The Room ni kwamba jamaa alikuwa hatanii. Alikuwa analia kweli, alikuwa na uchungu kweli, aliweka hela yake na roho yake yote akidhani anatengeneza drama nzito, na ule ukweli unaonekana kwenye kila sini hata pale inapochekesha. Baadaye ndipo akaanza kusema ilikuwa komedi tangu mwanzo, sawa bwana. Sasa mtu akikaa chini kwa makusudi atengeneze muvi mbaya ili ipendwe hivyo, mtazamaji anamwona anakonyeza jicho, na anayekukonyeza kila dakika humrudii. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu muvi yako siyo kama ni nzuri au mbaya. Jiulize kama kuna kitu ndani yake ambacho mtu hawezi kukipata kwa muvi nyingine yoyote, na kama hicho kitu kinavumilia kuonwa mara ya tano. Hao sita wako wanajua jibu kuliko wewe na mimi.

Na wala usiniambie ilidoda kwa hiyo ni mbaya, maana kudoda mara nyingi ni hesabu ya viti, hakuna mtu aliyekaa akahukumu muvi yako. Tuchukue ya kwako. Viti 300, tufanye walikupa maonyesho manne kwa siku kwa siku saba, hayo ni maonyesho 28. Na tufanye kila onyesho lilipata watu 14 kama siku ya mwisho. Jumla ni watu 392. Kwa mwenye ukumbi huo ni msiba, viti zaidi ya tisini na tano kwa kila mia viko tupu, na nje kuna muvi nyingine inagonga mlango, lazima akutoe hata kama anakupenda. Sasa chukua watu hao hao 392, usiongeze hata mmoja, wapeleke kwenye chumba cha viti 60 mara moja kwa mwezi. Umejaza mara sita, na watu 32 wamebaki nje wanalalamika. Watu ni wale wale, muvi ni ile ile, mwaka juzi ilikuwa aibu, huku ni nusu mwaka wa tiketi kuisha.

Na hapo ndipo saa sita usiku inapoingia, haina uchawi wowote. Baada ya onyesho la mwisho la jioni ukumbi unalala, mwenye nao hapotezi muvi nyingine akikupa wewe, anachotaka ni gharama ya umeme, mtu wa kuendesha mtambo na mtu wa mlangoni, kwa hiyo kiwango cha kukufukuza kinashuka sana. Muvi ambayo ingetolewa Jumatatu kwa kukosa watu 300 inaweza kukaa mwaka mzima kwa watu 50. Huo muda ndio unaohitaji, kwa sababu habari ya mdomo inatembea taratibu, mtu ameona Ijumaa, anamsimulia mwenzake kazini Jumanne, mwenzake anasema nitaenda, na akienda mwezi ujao muvi bado ipo. Kwenye ratiba ya kawaida akienda anakuta imeshatolewa. Juu ya hapo saa sita usiku inachuja, hakuna anayekuja kwa kupitia tu, kila aliyepo amekesha kwa ajili ya kitu hicho hicho, na ukiwa umezungukwa na watu wa namna hiyo hata kama ni 30 unajisikia mko wengi.

Lakini usiabudu saa. Kuna muvi ya mwaka 1946, It's a Wonderful Life, ilipotoka haikurudisha hela yake, na mwaka 1974 hakimiliki yake ikaisha kwa sababu wenye nayo hawakuihuisha kama sheria ilivyotaka. Vituo vya televisheni vikaona mali ya bure, vikawa vinairusha kila Krismasi tena na tena, na watu wakaishia kuipenda mpaka ikawa haiwezekani Krismasi kupita bila hiyo. Hakuna usiku wa manane hapo, ila kuna mambo mawili yale yale, inarudi, na inarudi wakati unaojulikana. Donnie Darko nayo ilitoka Oktoba 2001, wiki chache baada ya Septemba 11, na ndani yake kuna injini ya ndege inayoangukia nyumba, nani angeenda kuona hiyo wakati ule? Kumbi za Marekani ziliipa kama nusu milioni ya dola tu. Halafu ukumbi mmoja mdogo New York, Pioneer, ukaishika saa sita usiku ukaing'ang'ania miezi 28 mfululizo, huku watu wengine wakiigundua kwa dividii nyumbani.

Sasa ufanye nini. Kwanza watafute hao sita. Kijana wa tiketi anaweza kuwakumbuka, au tangaza kwamba unatafuta waliorudi. Kaa nao, usiwaulize kama muvi ni nzuri watakudanganya kwa heshima, waulize sini gani wanaisubiri. Wakitaja sini tofauti tofauti zenye mambo ya jumla jumla, mmh. Wakitaja mstari ule ule mmoja, tena wakausema kwa sauti ya mwigizaji mwenyewe huku wanacheka, hapo kuna kitu. Na usishangae ikiwa ni sini ambayo wewe ulitaka kuikata.

Pili tafuta chumba kidogo kuliko unavyodhani unastahili. Watu 45 kwenye viti 60 wanatengeneza kelele, watu 45 hao hao kwenye viti 300 wanatengeneza mazishi, na watu hawacheki kwa sauti kwenye ukumbi mtupu, kila mtu anaogopa kusikika. Chagua usiku mmoja, mfano Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na usiuhamishe hata kama mwezi wa pili watakuja tisa. Omba mwenye ukumbi mgawane makusanyo badala ya wewe kulipa kodi kamili, na mpe maonyesho manne mpaka sita ya majaribio. Uliza pia watu watarudije nyumbani saa nane usiku, hilo watu hulisahau halafu wanalaumu muvi.

Halafu mlangoni weka mtu wa kuuliza swali moja tu, hii ni mara yako ya ngapi, na aandike. Hiyo karatasi ni muhimu kuliko mauzo. Usiku wa kwanza wanaorudi watakuwa wachache kiasili. Ikifika usiku wa nne, kipimo changu mimi, siyo sheria ya mtu yeyote, nataka kwenye kila watu kumi niwaone wawili au watatu walioshaiona, na nataka wawe wamekuja na mtu mpya mkononi. Ikiwa wanaorudi ni wale wale sita bila kuleta mtu, una marafiki wazuri ila huna onyesho. Ikiwa wapya ni wengi na hakuna anayerudi, tangazo lako ni zuri kuliko muvi yako. Kwa hali zote mbili funga kwa heshima, usiongeze mwezi wa saba kwa ubishi, nimeona watu wamemaliza akiba zao hapo.

Na ikianza kuchangamka, usiihamishe haraka. El Topo ya Alejandro Jodorowsky ilianza saa sita usiku kwenye ukumbi wa Elgin, New York, Desemba 1970, mwenye ukumbi Ben Barenholtz karibu hakutangaza kitu na bado ikawa inajaa kwa miezi. Mwanamuziki John Lennon akaipenda, Allen Klein aliyekuwa meneja wake akanunua haki, wakaitoa pale wakaipeleka kwenye ukumbi mkubwa wa kawaida kwa mbwembwe. Haikudumu. Wale waliokuwa wanaikesha hawakuiona tena kama siri yao, na watu wa kawaida wa saa mbili usiku walikuta kitu kigumu ambacho hawakukiomba. Mbaya zaidi baadaye Klein na Jodorowsky wakagombana, na kwa kuwa haki zilikuwa kwa Klein muvi ikafungiwa kabatini kama miaka thelathini, haionyeshwi rasmi popote.

Ndiyo maana kabla ya yote hayo chukua mkataba wako wa usambazaji uende nao kwa wakili anayejua mambo ya hakimiliki, mkae ana kwa ana, hili usilimalize kwa kuuliza watu mtandaoni wala kwangu. Wiki moja ya ukumbini inaweza kuwa ilikufanya usaini kwamba haki ya kuonyesha ukumbini ni ya msambazaji kwa miaka kadhaa, na hapo huwezi kuipeleka popote bila ruhusa yake hata kama ni muvi yako mwenyewe. Muulize na kuhusu nyimbo ulizotumia, vibali vingi vya muziki vina muda wake, au vinaruhusu ukumbi lakini siyo dividii na intaneti, na muvi ya usiku inaishi miaka, kibali kinaweza kuisha katikati ya sherehe. Kwa mambo ya usalama kaa na meneja wa ukumbi, ukumbi ni wake. Kumbi nyingi hazitaki mchele, unateleza na unaita panya, na mishumaa au viberiti usikubali hata kidogo.

Kuhusu kujidanganya, jibu langu ni kwamba uwezekano mkubwa haitakuwa Rocky Horror, hiyo imekusanya zaidi ya dola milioni 100 na mwaka 2005 ikaingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni moja kwenye makumi elfu. Tunasimulia zilizofufuka kwa sababu zilizokufa hazina wa kuzisimulia. Ila kati ya Rocky Horror na ile wiki yako moja kuna nafasi pana, muvi yenye watu 50 waaminifu kwa mwezi kwa miaka miwili inawezekana kabisa, haitakutajirisha, labda itarudisha hela ya kodi na kukupa watu watakaoiona muvi yako ya pili siku ya kwanza.

Kitu kimoja tu cha kujiandaa nacho, wakiipenda kwa namna hii hawatakuuliza wewe ulimaanisha nini. Watacheka pale ulipolia. Usiku wa kwanza kaa kiti cha nyuma kabisa, usijitambulishe, na ile sini unayoipenda kuliko zote ikifika mtu akapayuka, usimnyamazishe. Angalia saa uandike dakika, halafu mwezi unaofuata sikiliza kama kuna mwingine atapayuka pale pale.